Makeateka walimkatia simu: kisa cha mhasibu aliyeanza kazi akiwa mbali na Nairobi

Kisa hiki kinahusu kampuni ndogo ya Nairobi inayosimamia nyumba za kupanga kwa niaba ya wenye nyumba. Majina yote yameondolewa, na baadhi ya maelezo kuhusu mahali na namba za nyumba yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Nilishirikishwa kama mshauri wa masuala ya wafanyakazi, nikakisikia kutoka pande zote: kwa meneja, kwa mhasibu mwenyewe na kwa wenzake wa ofisini.

Mazingira

Kampuni ilikuwa na watu kumi na wachache, wote wakikaa katika ofisi moja. Wapangaji hulipa kodi kwa M-Pesa kupitia namba ya Paybill, na kwenye sehemu ya namba ya akaunti wanatakiwa kuandika namba ya nyumba. Wengi huandika hivyo. Wengine huandika "blok B ya nne", au jina la mke, au "Mama Brian", au huacha namba ya nyumba waliyohama mwaka jana. Kila asubuhi mhasibu hupakua orodha ya malipo na kuyalinganisha na daftari la wapangaji. Yasiyojulikana ni ya nani huwekwa kando katika akaunti ya kusubiri, kisha hufuatiliwa moja moja.

Ufuatiliaji huo ndio kiini cha kazi yenyewe. Mhasibu humpigia keateka wa ploti, kwa sababu keateka anajua Mama Brian ni nani, nani amehama, na nani hulipiwa kodi na kaka yake aliye ughaibuni.

Mhasibu wa zamani alipoacha kazi, kampuni ilimpata mwingine mwenye uzoefu mzuri, anayeishi katika mji mmoja wa magharibi mwa Kenya. Alikuwa na mtoto mchanga, hivyo akakubali kazi kwa masharti mawili: afanyie nyumbani, na asisafiri kuja Nairobi kabla ya mwezi wa kwanza kwisha. Meneja alikubali. Ilikuwa mara yao ya kwanza kuajiri mtu ambaye hatakanyaga ofisini.

Maandalizi kabla ya siku ya kwanza

Sehemu hii walijitahidi, na inafaa kusemwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi, na mahali pa kazi pawe miongoni mwa mambo yanayotajwa. Wengi huacha anwani ya ofisi ya Nairobi kwa mazoea. Hawa waliandika kwamba mahali pa kazi ni nyumbani kwa mfanyakazi, wakaeleza atakuja ofisini mara ngapi kwa mwaka na nani atalipa nauli na malazi. Namba zake za KRA, NSSF na SHA waliziomba pamoja na mkataba, kwa sababu mishahara yao hufungwa mapema na asiyekuwa kwenye orodha husubiri hadi mwezi unaofuata.

Uamuzi mwingine mzuri ulikuwa tarehe ya kuanza. Kodi hulipwa kati ya tarehe 28 na tarehe 8, na siku hizo hakuna mtu ofisini mwenye nafasi ya kumfundisha mwenzake. Kwa hiyo waliamua aanze katikati ya mwezi, apate wiki mbili za utulivu kabla ya msongamano. Katika wiki hizo angeshughulikia malipo ya mwanzo wa mwezi yaliyobaki bila mwenyewe. Hiyo ni kazi halisi, si zoezi, na kosa lake linaweza kurekebishwa kabla halijamfikia mpangaji.

Laptopu ilitumwa kwa kifurushi cha basi wiki moja kabla, ikafika salama. Kilichosahaulika ni simu. Tovuti ya malipo hutuma namba ya siri ya mara moja kwa simu iliyosajiliwa, na iliyosajiliwa ilikuwa ya mhasibu aliyeondoka, laini ya ofisi iliyokuwa ndani ya droo. Siku ya kwanza mhasibu mpya alikaa mbele ya skrini hadi saa nane mchana akisubiri mtu afungue droo hiyo, amsomee tarakimu kwa simu, na tarakimu zenyewe ziishe muda kabla hajamaliza kuziandika. Kusajiliwa kwa namba yake kulichukua siku mbili zaidi. Jambo hili lingeonekana mapema kama Alhamisi iliyotangulia wangempigia na kumwomba afungue kila mfumo atakaotumia, mmoja baada ya mwingine, wao wakiangalia. Kufika kwa kifaa na kuweza kufanya kazi ni mambo mawili tofauti.

Wiki ya kwanza

Jumatatu ilikuwa na kikao cha video cha kumkaribisha. Watu tisa walijitaja majina na vyeo kwa dakika kumi na tano, wote wakiwa wamezunguka laptopu moja kwenye meza ya mkutano. Mhasibu aliniambia aliona vipaji vya nyuso vinne na kusikia sauti za wengine zikitoka mbali. Mpokeaji wa simu hakuwepo kwenye kikao, kwa sababu lazima mtu abaki mapokezi. Kumbuka hilo.

Kila jioni meneja alimwandikia: "Uko sawa?" Kila jioni akajibiwa: "Niko sawa bosi, asante." Meneja alitulia, na ukimwuliza mtu yeyote ofisini wiki hiyo angekwambia mgeni anaendelea vizuri. Kwa kweli alikuwa akijifunza haraka. Yale malipo ambayo jibu lake limo kwenye daftari aliyalinganisha bila shida.

Siku moja stima ilipotea kwake kuanzia asubuhi hadi mchana, na intaneti ikazimika pamoja nayo. Alikuwa na bando kwenye simu yake, lakini hakujua kama anaruhusiwa kuitumia kisha adai pesa, wala hakujua amwambie nani. Alinyamaza hadi stima iliporudi. Ofisini hakuna aliyegundua.

Wiki ya pili

Kila tarehe 24 mfumo wa kampuni hutuma ujumbe kwa wapangaji wenye malimbikizo. Asubuhi iliyofuata, mpangaji mmoja alifika ofisini akiwa amekasirika, simu mkononi, ujumbe wa M-Pesa umefunguliwa. Amelipa tarehe 3, shilingi 8,500, na bado anadaiwa kila kitu. Malipo yake yalipatikana kwenye akaunti ya kusubiri pamoja na mengine 41. Safu ya maelezo, ambamo mhasibu huandika alichofanya kufuatilia, ilikuwa tupu kwa karibu yote.

Kosa la pili liligunduliwa siku hiyo hiyo. Mpangaji akilipa pungufu, pesa zake zilikuwa zikikatwa maji na taka kwanza, kisha kodi. Wiki iliyotangulia, wakati wa chai ya saa nne, meneja na wahasibu wawili walikubaliana waanze na kodi kwanza, kwa sababu wenye nyumba walikuwa wakilalamika. Walirudi mezani kwao wakaanza. Mhasibu mpya aliendelea na utaratibu wa zamani, ambao ndio aliofundishwa Jumatano ya wiki ya kwanza.

Meneja aliponipigia alikuwa tayari ameamua kwamba mtu huyu hajui kazi. Alitaka kujua notisi ya kumwachisha wakati wa majaribio ni ya muda gani. Ni siku 7, nikamwambia, au malipo ya siku hizo. Kisha nikamwomba kabla ya kuandika barua amwulize swali moja kwa sauti, si kwa maandishi: chukua malipo haya ya 8,500, nieleze ulifanya nini hatua kwa hatua.

Jibu lilikuwa hivi. Mpangaji aliandika "Mama Brian". Mhasibu alitafuta kwenye daftari, akaona ploti tatu zenye nyumba za kodi ya 8,500, akapata namba za makeateka wake na kumpigia wa kwanza kwa simu yake mwenyewe.

"Habari za asubuhi mzee. Napiga kutoka ofisi ya nyumba. Naomba kujua Mama Brian anakaa nyumba gani."

"Ofisi gani? Watu wa ofisi nawajua wote. Wewe sikujui."

"Mimi ni mgeni, nimeanza juzi."

"Basi mwambie mwenye ofisi anipigie." Akakata.

Wa pili hakushika. Wa tatu alikuwa mpole zaidi: alisema ataulizia, kisha akaipigia ofisi. Mpokeaji wa simu, ambaye hakuwa kwenye kikao cha kumkaribisha na hakuwa na namba ya mgeni, alimjibu asitoe majina ya wapangaji kwa mtu yeyote, matapeli wa simu ni wengi. Kwa alichokijua, alijibu sawasawa kabisa.

Baada ya simu kadhaa za namna hiyo, mhasibu aliacha kupiga. Kwa nini hakusema? Alinijibu kwa maneno ambayo nimewahi kuyasikia kwa waajiriwa wengine: "Nilidhani hiyo ndiyo kazi yenyewe, na kama siwezi kuongea na makeateka nitaonekana siwezi kazi. Na kila jioni nilikuwa nimeulizwa kama niko sawa."

Uamuzi uliofanywa na sababu zake

Njia tatu zilikuwa mezani. Kumwachisha kazi kulikuwa rahisi kisheria, lakini kungerudisha kampuni mwanzo siku chache kabla ya msongamano wa kodi, na anayefuata, akiwa mbali pia, angekatiwa simu na makeateka wale wale. Njia ya pili ilikuwa kumleta Nairobi kwa wiki moja. Meneja aliipenda. Nilimshauri asiichukue, kwanza kwa sababu sharti la kutosafiri lilikuwa limeandikwa na mtoto alikuwa bado ananyonya, na pili kwa sababu wiki hiyo ingeficha tatizo: angetambulishwa kwa wachache atakaobahatika kukutana nao, kisha arudi kwake na ofisi iendelee kuamua mambo wakati wa chai.

Walichagua ya tatu, kubadilisha jinsi timu inavyofanya kazi naye kwa wiki mbili, kisha waamue upya.

Kwanza, makeateka. Mhasibu mmoja wa ofisini, mwanamke ambaye makeateka wote wanamjua kwa sauti, alikaa na orodha na kupiga simu za watu watatu: yeye, keateka na mgeni kwenye laini moja. "Mzee shikamoo. Niko na dada yetu hapa kwenye laini, ndiye atakayekuwa akikupigia kuanzia leo. Hifadhi namba yake." Keateka anamsalimia, wanabadilishana maneno mawili matatu, basi. Kwa wastani dakika tatu kila mmoja, na kazi nzima iliisha kwa asubuhi mbili. Mgeni alipewa laini ya kampuni aache kutumia yake binafsi, na mpokeaji wa simu akapewa jina lake na namba hiyo ili keateka mwenye shaka akipiga ofisini apate jibu la kweli.

Jinsi ya kuuliza nayo ilibadilishwa. Badala ya kuomba jina au nyumba, mhasibu hutoa alichonacho kwanza: "Kuna 8,500 ya tarehe 3 imeandikwa Mama Brian. Ni wa B4?" Keateka hujibu ndiyo au hapana. Hilo linamtoa mhasibu kwenye sauti ya tapeli, maana tapeli huwa anaomba, hana cha kuthibitisha. Pia linapunguza taarifa za wapangaji zinazotajwa kwenye simu, jambo ambalo kampuni inapaswa kulijali chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Pili, yule mwanamke alifanywa kuwa mwelekezi wake rasmi. Si bosi wake, ni wa cheo kimoja naye. Kila siku walizungumza mara mbili, saa tatu asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, dakika ishirini, skrini ya mgeni ikiwa wazi. Mwelekezi alipinga mwanzoni, na alikuwa na haki. Aliuliza nani atafanya kazi yake. Meneja alimwondolea ploti mbili kwa wiki hizo na kumpa mhasibu mwingine. Bila hatua hiyo, mpango ungekufa tarehe 1.

Tatu, swali la "uko sawa?" lilipigwa marufuku, nadhani kwa hasira kidogo ya meneja dhidi ya nafsi yake. Badala yake akasema: "Nionyeshe malipo matatu yaliyokushinda leo." Swali hilo halijibiki kwa adabu. Linadhania kwamba kuna yaliyokushinda, kwa hiyo kuyataja si aibu tena.

Nne, uamuzi wowote wa utaratibu uliofikiwa kwa mdomo hauanzi hadi uandikwe kwenye waraka mmoja wa pamoja, siku hiyo hiyo, ukiwa na tarehe. Na kuhusu stima, walikubaliana kwamba ikipotea atume ujumbe mmoja kwa mwelekezi, atumie bando lake, na kampuni irudishe pesa mwisho wa wiki bila kudai risiti ya kila megabaiti.

Wiki ya tatu na ya nne

Msongamano ulianza. Kufikia tarehe 10, malipo yasiyo na mwenyewe yalikuwa 9, na kila moja lilikuwa na maelezo kando yake: nani alipigiwa, lini, alisema nini. Katika mwezi uliotangulia, tarehe kama hiyo, yalikuwa zaidi ya 50. Sisemi tofauti hiyo yote ilitokana na mgeni, kwa sababu mwelekezi alisaidia sana na ofisi nzima ilikuwa macho.

Kilichobadilika kwa kuonekana zaidi ni maswali. Wiki ya kwanza alikuwa ameuliza machache, yote faraghani kwa meneja, yote yakianza na samahani. Wiki ya nne alikuwa akiuliza kwenye kundi la WhatsApp la timu mbele ya wote, na siku moja akamsahihisha mhasibu wa ofisini aliyekuwa amesahau utaratibu wa kodi kwanza. Alikuwa amesoma waraka. Mwenzake hakuwa ameusoma.

Uchambuzi

Kampuni ilijiandaa kumpa mgeni taarifa na vifaa, na kwa hayo haikufanya vibaya. Iliyokosa kuona ni kwamba kazi ya mhasibu wao ilisimama juu ya kujulikana. Wahasibu wa zamani hawakuwahi kutambulishwa rasmi kwa makeateka. Walijulikana kwa sababu makeateka hupita ofisini kuleta fomu, kuchukua mishahara, kunywa maji. Hakuna mkataba wala mwongozo uliotaja jambo hilo, maana hakuna aliyewahi kulifanya kwa makusudi. Mtu aliye mbali hulikosa lote kwa mkupuo.

Kwa hiyo, ukiandaa orodha ya kumpokea mtu kama huyu, anza kwa kuuliza: ili afanye kazi hii, nani aliye nje ya timu lazima amwamini? Kwa mhasibu wa nyumba ni makeateka na mapokezi. Kwa afisa wa ununuzi ni wauzaji na dereva. Watu hao ndio wa kutambulishwa kwanza, mmoja mmoja, na mtu wanayemwamini tayari. Kikao cha watu tisa wakijitaja vyeo kinaweza kusubiri.

Dalili ya tatizo ilikuwepo mapema, na haikuwa kwenye mazungumzo. Ilikuwa ile safu ya maelezo iliyobaki tupu. Mtu anayefuatilia na kushindwa huandika "sijampata". Mtu aliyeacha kufuatilia haandiki kitu. Kama meneja angefungua faili hilo Ijumaa ya wiki ya kwanza kwa dakika tano, asingehitaji mpangaji aje kumwambia.

Yapo yaliyoshindikana hadi mwisho. Chai ya pamoja ya Ijumaa kwa video haikufaulu hata mara moja: walio ofisini walizungumza wao kwa wao na mgeni akabaki msikilizaji. Walipojaribu kila mtu aingie kwa laptopu yake na vipokea sauti, hata aliye meza ya jirani, vikao vya kazi vilinyooka, lakini chai ilibaki kuwa kikao kingine tu, na waliiacha. Sioni kama walipoteza kitu. Urafiki wa mgeni na mwelekezi ulikua kwenye zile simu za saa tisa na nusu, wakizungumza kuhusu kodi za watu na homa za watoto.

Mwelekezi alichoka. Kufikia wiki ya nne simu ya asubuhi ilikuwa imeshuka hadi dakika tano, na meneja hakuwa amepanga nani ampokee. Bahati ni kwamba mgeni alikuwa anaweza kusimama mwenyewe. Ningependa mpango kama huu uwe na tarehe ya kuisha tangu mwanzo, na ploti zilizohamishwa zirudi kwa mwenyewe tarehe hiyo.

Mpango huu pia ulisaidiwa na aina ya kazi. Malipo yanahesabika, faili linaonekana kila siku, na kosa hujitokeza ndani ya wiki. Mtu aliyeajiriwa kuandika mapendekezo ya miradi au kujadiliana na wenye nyumba angeweza kupotea kwa mwezi mzima bila safu yoyote kubaki tupu, na hapo meneja angelazimika kutengeneza kazi ndogo za siku mbili mbili ili apate cha kuangalia.

Makeateka wawili, wote wazee wa ploti za zamani, waliendelea kukataa kuzungumza naye hata baada ya kutambulishwa. Malipo ya ploti zao yalibaki mikononi mwa mwelekezi hadi mhasibu alipokuja Nairobi katika wiki ya sita. Siku ya kwanza alipelekwa kwao kabla ya kupelekwa ofisini.